Mnunuzi kajibu mstari mmoja: kutafuta kosa kwenye salamu na maneno ya kuagia

Kijana mmoja wa kikundi cha wakulima wa parachichi kutoka Rungwe alikuja kwenye steshenari yangu hapa Kabwe, Mbeya, simu mkononi, uso umemshuka. Walikuwa wamemwandikia mnunuzi wao wa Uingereza barua pepe kuhusu mzigo wa msimu, barua ndefu yenye adabu zote. Jibu lilikuwa hili tu:

```
Hi, is there a problem with the order?
```

"Kaka, sisi hatukusema kuna tatizo," akaniambia. "Tumeandika mzigo uko tayari."

Nikamwomba anioneshe waliyotuma. Katikati ya barua hakukuwa na kosa kubwa: kilo, tarehe, bei, vyote vilieleweka. Ugonjwa ulikuwa juu na chini, pale watu wengi wanapodhani hakuna cha kukosea. Barua yao ya Kiswahili ilianza na kuisha hivi:

```
Ndugu Mkurugenzi,
Habari za kazi? Natumaini u mzima wa afya
pamoja na familia. Pole na majukumu.
...
Karibu sana Rungwe.
Kazi njema.
```

Nayo ya Kiingereza, waliyoitafsiri neno kwa neno usiku huo huo:

```
Brother Director,
How is the work? I hope you are healthy
together with the family. Sorry for the responsibilities.
...
You are very welcome in Rungwe.
Good work.
```

Nitatumia barua hii kuonesha jinsi ninavyotafuta kosa, kisha nitaingia kwenye dalili nyingine ambazo watu huniletea mara kwa mara, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Dalili: unaulizwa "kuna tatizo gani?" wakati hukutaja tatizo

Chanzo karibu kila mara ni neno "pole". Kwetu pole ni ya kumtambua mtu aliye kazini. Unampa fundi aliye juu ya paa, unampa karani, unampa hata aliyekaa tu ofisini. Haina kosa ndani yake. "Sorry" ikikaa mwanzoni mwa barua ya biashara, Mwingereza anajua kinachofuata ni habari mbaya: mzigo umechelewa, umeoza, au pesa inadaiwa. Mnunuzi yule alisoma mstari wa pili, akaruka moja kwa moja kuuliza mzigo umepatwa na nini. Sidhani hata kama alizifikia kilo.

Tiba ni kuifuta. Usitafute neno la Kiingereza la pole na majukumu, halipo, na ukilikosa barua haijapungukiwa kitu. Ukiona roho inakuuma kuacha adabu nje, kumbuka kwamba "I hope you are well" imeshabeba kazi yote ya habari za kazi, uzima wa afya, familia na pole. Sentensi moja inatosha. Ukiziweka nne, msomaji wa Kiingereza anaanza kujiuliza unataka kuomba nini.

Pole inayobaki ni ile ya kweli, ya msiba au ugonjwa. Hiyo ndiyo "I am sorry to hear that...", na inataja jambo lenyewe, haining'inii hewani.

Dalili: unashukuriwa kwa sifa ambazo hukutoa

Hii ni "Kazi njema" iliyogeuzwa "Good work". Kwa Kiswahili unamwombea mtu kazi iende vizuri. "Good work" kwa Kiingereza ni bosi anampongeza mtu wa chini yake kwa kazi aliyokwisha kuimaliza. Mkulima wa Rungwe akimwambia hivyo mnunuzi wake, inasikika kama mwanafunzi anayemsahihishia mwalimu daftari.

Ndugu yake ni "Karibu". "You are welcome" ikisimama peke yake ni jibu la ahsante, kwa hiyo msomaji anarudi juu kutafuta ni wapi alishukuru. Hapa usifute, maana mwaliko una uzito wake, ila uufanye sentensi kamili inayosema mtu anakaribishwa kufanya nini. Na "Tuko pamoja", ambayo vijana wanaipenda sana, ikiwa "We are together" inamwacha mgeni akishangaa mko pamoja wapi. Kwa barua ya kazi iache. Kwa rafiki, "Talk soon" inafanya kazi inayokaribiana nayo.

Barua ya kijana tukaiandika upya kichwa na miguu. Jina la ukoo la mnunuzi lilikuwepo chini ya barua zake za zamani. Hapa tumwite Brown.

```
Dear Mr Brown,

I hope you are well.
...
We look forward to your reply, and you would be
most welcome to visit us in Rungwe.

Yours sincerely,
```

Utaona "Ndugu Mkurugenzi" imekuwa "Mr" na jina. Kiswahili kinaheshimu kwa kutaja cheo: Ndugu Mkurugenzi, Mwalimu Mkuu, Mheshimiwa Diwani. Kiingereza cha barua kinaheshimu kwa kutaja jina la ukoo, na "Dear Director" humfanya mtu ajione kama amepata tangazo lililotumwa kwa watu mia. Jina likiwepo, litumie. Kuhusu "Brother", ndugu ya barua zetu za kiofisi ni ile ya enzi za TANU na Ujamaa, inayomsawazisha mwanamume na mwanamke, mkubwa na mdogo. "Brother" kwa Mwingereza ni wa tumbo moja au wa kanisani.

Dalili: ofisi ya Kiingereza inaona mwanzo na mwisho haviendani

Hili halileti ugomvi, ila linakupunguzia alama mbele ya watu wenye mazoea ya zamani. Kwa desturi ya Kiingereza cha Uingereza, ambayo ndiyo iliyoingia shuleni kwetu, ukianza "Dear Sir or Madam" bila jina unaagia "Yours faithfully". Ukianza na jina, "Dear Mr Brown", unaagia "Yours sincerely". Herufi kubwa ni ya neno la kwanza tu. Wamarekani hawana "Yours faithfully", wao ni "Sincerely", wanaweka nukta baada ya "Mr." na mara nyingi nukta mbili badala ya mkato baada ya jina. Angalia anayeandikiwa yuko wapi, uchague upande mmoja na ubaki nao.

Dalili: mwanamke ameitwa "Mr", au mwanamume "Madam"

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapoteleza zaidi, na si kwa uzembe. Lugha yetu haimpi taarifa. Barua ya Kiswahili inaweza kuwa na kurasa mbili juu ya Ndugu fulani, yeye akasema, akaagiza, akasaini, na usijue hata mara moja kama ni baba au mama. Majina ya ukoo ya huku kwetu hayasaidii: Mwakalinga anaweza kuwa yeyote, Sanga anaweza kuwa yeyote. Kiingereza nacho kinakukaba kwenye neno la pili tu la barua: "Mr" au "Ms"?

Mimi mwenyewe niliwahi kumwita "Mr" afisa mmoja mwanamke katika barua ya ofisi fulani iliyokwenda kwa mfadhili. Mfadhili akaendelea na "Mr" hiyo kwa miezi kadhaa, hadi walipokutana uso kwa uso. Sikupewa kazi iliyofuata.

Siku hizi nafanya hivi. Kwanza natafuta sahihi ya mtu huyo chini ya barua zake, maana wengine huandika wenyewe. Pili namuuliza aliyeniletea kazi, swali la sekunde tano. Vyote vikishindikana, naandika jina la kwanza na la ukoo bila chochote mbele: "Dear" kisha majina mawili. Ni rasmi vya kutosha na halimkosei mtu. Cheo kisicho na jinsia pia kinaokoa. "Dr" na "Professor" havijali.

Kwa mwanamke tumia "Ms". "Mrs" ngoja mpaka yeye mwenyewe ajiandike hivyo, kwa sababu inatangaza ndoa, na si kazi ya mfasiri kumwoza mtu. Kwa Kiswahili "Bi." inakaa mahali pale pale bila maswali. "Bibi" kwa urefu imeshakuwa mzee mwenye wajukuu. Kuna wanaokubali, kuna watakaokukumbuka vibaya.

Tena tahadhari na "Madam" yetu. Shuleni na ofisini tunasema "Madam" na jina lake bila shida. Kwenye barua ya Kiingereza, "Dear Madam" inasimama peke yake, bila jina. Vivyo hivyo "Dear Sir". Ukiandika "Dear Sir Sanga" umempa Sanga cheo ambacho hutolewa na mfalme wa Uingereza.

Na mama anayeitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Neema, akiwa mwenyekiti wa kikundi, usimfanye "Mother Neema" wala "Mrs Neema". Uliza jina lake la kwenye kitambulisho.

Dalili: msomaji wa Kiswahili anadhani barua ni ya kanisani, au ya mapenzi

Sasa tunageuka, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. "Dear" imegeuzwa "Mpendwa". "Dear" ya barua ilishapoteza mapenzi zamani sana. Mtu anamwandikia "Dear" hata anayempeleka mahakamani. "Mpendwa" bado ina joto lake. Hapa nyanda za juu kusini, ukisema wapendwa, watu wanatazama mimbari iko wapi. Mzee wa chama cha msingi kule Mbozi akisomewa "Mpendwa Mwenyekiti" kutoka kwa mnunuzi wa kahawa, anacheka kwanza, ndipo asikilize bei.

"Dear" rasmi ni "Ndugu", au cheo, au "Bi." na "Bw." na jina. Kampuni za simu zinatuandikia "Ndugu mteja" na hakuna anayeshangaa. "Dear" ya rafiki ni jina lake tu, na habari yako baada ya mkato.

Dalili: mzee amenuna baada ya kusomewa barua

Mzungu kaandika "Hi" na jina la kwanza. Mfasiri kaandika "Mambo" na jina la kwanza, akidhani amekuwa mwaminifu. Kwa Kiingereza cha kazi cha siku hizi, "Hi" na jina la kwanza ni kawaida hata kwa mtu ambaye hamjaonana, haina dharau. Kwa Kiswahili, kumtaja mzee wa miaka 70 kwa jina la ubatizo tupu ni kumvua koti hadharani. Hapa ni lazima upandishe ngazi: "Ndugu Mwenyekiti, habari za kazi?" Hujaongeza kitu. Umeweka heshima ile ile ya "Hi" katika sarafu inayotumika huku.

Na kama barua ya Kiingereza imeingia kwenye hoja bila salamu yoyote zaidi ya jina, ongeza "Habari za kazi?" moja. Bila hiyo, msomaji wetu anahisi mtu ameingia sebuleni bila hodi. Moja inatosha, usimtungie Mzungu aya nzima ya kuulizia mifugo.

Vipi kuhusu shikamoo? Simtilii mgeni shikamoo mdomoni. Hakuisema, na akija siku moja asiitoe, mzee ataona alidanganywa. Lakini mjukuu aliyeko ng'ambo akimwandikia babu yake kwa Kiingereza kwa sababu Kiswahili kimemtoka, "Good morning, Grandpa" hiyo ni shikamoo, iandike. Ikienda upande wa pili, shikamoo inamezwa na "Dear Mr" na jina la ukoo, au "Good morning" kwa watu wanaofahamiana. "Marahaba, hujambo?" ya mzee inakuwa "Thank you, I hope you are well". Nimewahi kuona "I hold your feet" kwenye barua iliyokwisha kutumwa. Ya nini?

Dalili: mwisho wa barua ya Kiswahili unasikika kama umetoka kwenye friji, au kwenye jiko

"Best regards" ikawa "Salamu bora". "Warm regards" ikawa "Salamu za joto", na mtu wa Makete, ambako baridi ya Juni si mchezo, anaweza kushukuru kweli. "I look forward to hearing from you" ikawa "Natazamia kusikia kutoka kwako". Maneno yote ni ya Kiswahili, ila hakuna Mswahili anayeagana hivyo. Tunasema "Nasubiri majibu yako" na "Ahsante" au "Natanguliza shukrani", kisha jina. "Regards" tupu, ambayo kwa Kiingereza ina ubaridi kidogo, pia huishia "Ahsante", kwa sababu ukiuleta ubaridi huo kwa Kiswahili unakuwa ugomvi.

"Wako mtiifu" ya barua rasmi bado ipo, lakini angalia nani anamwandikia nani. Ni ya mwombaji kazi, ya mwananchi kwa ofisi. Mkurugenzi wa kampuni ya kigeni akimwandikia kijana wa kikundi "Wako mtiifu", kijana atadhani ametaniwa. Na "Wako katika ujenzi wa taifa" muachie Mtanzania mwenzako. Mnunuzi wa London anajenga taifa lipi?

Kisha sarufi, maana "Yours" haibadiliki na sisi tunabadilika. Mwandishi mmoja kwa mtu mmoja ni "Wako mtiifu". Kikundi kikimwandikia mtu mmoja ni "Wako watiifu". Mtu mmoja akiwaandikia wengi ni "Wenu mtiifu". Barua iliyoanza "Dear all" na kugeuzwa "Ndugu zangu, habari zenu?" haiwezi kuishia "Wako".

Mambo madogo mawili ya kwenye skrini

"YAH:" ya barua zetu watu huigeuza "RE:" na kuiandika kwenye `Subject`. Kwenye karatasi ni sawa. Kwenye barua pepe, `Re:` huwekwa na programu yenyewe mtu anapojibu, kwa hiyo mpokeaji anaanza kutafuta barua ya kwanza ambayo haipo. Andika mada tu. Na ule mstari wa "Husika na kichwa cha habari hapo juu" usiutafsiri kabisa, nenda kwenye "I am writing to..." na jambo lako.

La pili, barua za Kiswahili zinazoisha mara mbili: "Ahsante" na jina, chini yake "Best Regards" na jina tena. Huyo si wewe, ni sahihi iliyowekwa kwenye simu au kompyuta. Kwenye Gmail ya kompyuta ingia `Settings`, kisha `See all settings`, ushuke hadi `Signature`. Ondoa maneno ya kuagia, acha jina, cheo na namba. Hapo utaagia kwa lugha unayotaka kila mara.

Dalili: mlikuwa mmezoeana, ghafla mwenzio amekuwa baridi

Angalia kama ni wewe uliyepanda ngazi. Kwa Kiingereza barua huanza juu na kushuka: ya kwanza "Dear Mr Brown", yeye akijibu kwa jina lako la kwanza na kuandika lake chini, inayofuata unaweza kuandika "Dear" na jina lake la kwanza, baadaye "Hi". Anayeshusha kwanza awe yeye mteja au mkubwa. Wewe fuata hatua moja nyuma. Kosa ni kurudi juu. Watu wetu hurudi juu kwa adabu, hasa kama mwenyekiti ameamua kusaini mwenyewe safari hii. Lakini "Dear Mr Brown" baada ya "Hi" tatu ni dalili ya hasira, kama vile mkeo anapokuita kwa majina yako matatu.

Kijana wa Rungwe alirudi baada ya wiki mbili. Mzigo ulikuwa umekubaliwa, na mnunuzi alikuwa ameshuka ngazi zote kwa mkupuo: alianza na "Hi" na jina la kijana, akaishia na "Cheers". Kijana alikuwa ameitafuta kwenye kamusi, akakuta ni neno la kugonganisha glasi.

"Kaka, anatualika pombe? Sisi wengine ni Walokole."

Nikamwambia hapo ni ahsante tu, ya Kiingereza cha mtaani. Kwenye nakala ya Kiswahili ya kusomea kikundi tukaandika "Ahsante". Kwenye jibu tukaweka "Hi", jina la kwanza la mnunuzi, na chini "Best regards".